Mwanafunzi wangu anaruka maneno katikati ya imla: ni kuzubaa tu au ni kifafa?

MwalimuWaImla (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha Kiswahili darasa la tatu katika shule ya msingi mkoani Morogoro, na darasa langu lina wanafunzi 74. Ninaandika kwa ajili ya msichana mmoja wa miaka 8, ambaye hapa nitamwita Neema ingawa hilo si jina lake.

Kwa muhula mzima nilimhesabu miongoni mwa watoto wasiosikiliza, na ninakiri kwamba zaidi ya mara moja nilimsimamisha nyuma ya darasa kwa kosa hilo. Kilichonifanya nifikiri upya ni daftari lake la imla. Siku moja nilisoma sentensi hii, polepole, kama tunavyosoma imla: «Mama alikwenda sokoni akanunua vitunguu, nyanya na samaki wabichi, kisha akarudi nyumbani kabla ya mvua.» Neema aliandika: «Mama alikwenda sokoni aka samaki wabichi, kisha akarudi nyumbani kabla ya mvua.» Baada ya «aka» penseli imeteleza na kuacha mstari mwembamba unaoshuka hadi msitari wa chini.

Nimesahihisha madaftari kwa miaka 16 na ninajua namna watoto wanavyokosea. Asiyejua tahajia huandika neno vibaya, lakini huliandika. Mwenye mkono mzito hubaki nyuma, akapoteza mwisho wa sentensi. Neema anapoteza katikati, kisha anarudi akiwa sambamba na sauti yangu, na kila herufi aliyoiandika ni sahihi. Katika kurasa 6 za nyuma nimekuta mapengo kama hayo 19.

Baada ya hapo nikaanza kumtazama. Anasimama ghafla, macho yanatazama mbele bila kuona, kope zinapepesa haraka haraka, na baada ya muda mfupi anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimemwendea mara 3 na kumgusa bega, na mara zote amenijibu. Je, hii si dalili kwamba ni kuzubaa tu?

Mjuzi_wa_Mtaa

Mwalimu, kama amekujibu ulipomgusa, basi hilo limekwisha. Mtu mwenye kifafa hasikii ukimgusa, na isitoshe kifafa ni lazima mtu aanguke, atoe povu na kukakamaa. Mtoto huyo ana mawazo ya nyumbani au analala njaa. Mpe uji, kisha umkalishe dawati la mbele.

DaktariWaWatoto

Ndugu Mjuzi, una haki katika sehemu moja: mtoto aliyezama katika mawazo yake kwa kawaida hurudi akiguswa, na mwenye kifafa cha aina hii harudi. Sehemu ya pili si sahihi. Kuna kifafa ambacho mtoto haanguki, hatoi povu, wala hajikojolei kwa kawaida. Anakatika tu fahamu kwa muda mfupi na kurejea. Sisi hukiita absensi, na wazazi wengi ninaokutana nao hukiita kifafa cha kuzubaa.

Mwalimu, suala la kumgusa bega linahitaji kuangaliwa kwa saa. Ulikuwa umesimama wapi ulipomwona anakatika, na ulichukua muda gani kumfikia?

MwalimuWaImla

Nilikuwa ubaoni. Yeye yuko safu ya nne, na madawati yetu yamebanana. Labda sekunde 8 au 10.

DaktariWaWatoto

Basi hapo ndipo walimu wengi wanapopotezwa. Tukio la absensi huchukua kwa kawaida kati ya sekunde 4 na 20, na mengi huwa karibu na 10. Ulipofika kwenye dawati lake, tukio lilikuwa limekwisha au lilikuwa likiisha lenyewe, na mkono wako ukaonekana kama ndio uliomwamsha. Mtoto hurejea papo hapo, hana usingizi wala kuchanganyikiwa baadaye, kwa hiyo hakuna alama inayobaki ya kukuonyesha kwamba kulikuwa na jambo. Mkalishe karibu nawe, si kwa adhabu, ili uweze kumgusa ndani ya sekunde 2 au 3 tangu aanze.

Jambo jingine linalonisaidia kuliko mguso ni kujua alikuwa akifanya nini. Kuzubaa kwa kawaida humjia mtoto aliyechoka au asiyevutiwa na somo. Hakumkatizi katikati ya neno analolisema mwenyewe. Absensi humkatiza popote: akisoma kwa sauti, akiinua kikombe, akiruka kamba, ingawa huonekana zaidi akiwa ametulia kuliko akiwa katika mchezo wa nguvu. Ukiweza, uandike kwa siku 5: saa, sekunde ngapi kwa saa ya simu yako, alikuwa akifanya nini, na alipoanza tena alianzia wapi.

MamaWawili

Shikamoo daktari. Na mimi mwanangu wa miaka 2 alipata degedege homa ilipopanda, akakakamaa mikono na miguu kwa dakika kama 3. Je, akianza shule atakuwa kama huyu Neema?

DaktariWaWatoto

Marahaba mama. Degedege la homa ni jambo jingine, na watoto wengi waliolipata mara moja hawapati kifafa baadaye. Kukakamaa kwa dakika 3 pia hakufanani na anayoyaeleza mwalimu. Naomba ufungue uzi wake, nitakujibu huko kwa urefu, ili tusimwache mwalimu njiani.

BabaKhamisi

Mwalimu, nimesoma maelezo yako nikamwona mwanangu. Khamisi wangu, jina nililompa hapa, alianza akiwa na miaka 6. Nyumbani tulimwita «mstaarabu», kwa sababu alikuwa ananyamaza katikati ya maneno kama mtu anayesubiri ruhusa ya kuendelea. Zahanati moja, ambayo sitaitaja, waliposikia neno kifafa walimwandikia karbamazepini. Baada ya wiki 2 alikuwa anakatika hata akila: kijiko kinasimama njiani kati ya sahani na mdomo. Tuliongezewa dozi na hali ikazidi kuwa mbaya. Nilidhani ugonjwa ndio unaokua, kumbe ilikuwa dawa.

Mjuzi_wa_Mtaa

Hapo sasa ninapinga. Mpwa wangu anazubaa vilevile, anatumia karbamazepini na amepona kabisa. Mwalimu, mwambie mzazi aanze nayo.

DaktariWaWatoto

Wote wawili mnaweza kuwa mnasema kweli. Ndugu Mjuzi, mpwa wako anapozubaa huchukua muda gani, na baada yake anakuwaje?

Mjuzi_wa_Mtaa

Kama dakika moja hivi au zaidi. Kabla yake hulalamika tumbo linapanda juu, kisha anatafuna mate na kukunja shati. Baadaye analala.

DaktariWaWatoto

Maelezo hayo yanaelekea zaidi kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Kuna onyo kabla, tukio ni la dakika moja au zaidi, na baada yake kuna uchovu. Karbamazepini ni dawa nzuri kwa aina hiyo. Kwa absensi, dawa hiyohiyo inaweza kuongeza matukio, na fenitoini pia si dawa yake. Kutafuna na kuchezea nguo peke yake hakutofautishi, kwa sababu hata kwenye absensi mtoto anaweza kulamba midomo au kupapasa kitabu. Linalotofautisha ni muda, onyo la kabla na hali ya baadaye. Ndiyo maana ninasumbua watu kuhusu saa ya simu.

Na kwa yeyote asomaye hapa akiwa na mtoto anayetumia karbamazepini: usiikatize ghafla kwa sababu ya uzi huu. Mpeleke kwa aliyeiandika, ukiwa na kumbukumbu zako.

Muuguzi_Kijijini

Mimi ninafanya kazi mahali ambapo dawa ya kifafa iliyopo rafuni mara nyingi ni fenobabitoni. Daktari anasema kweli, lakini mzazi aliyetembea kilomita 20 nimwambie arudi mikono mitupu? Mimi humwanzishia hiyo, kisha ninamwandikia rufaa.

DaktariWaWatoto

Dada, ninaiheshimu hali yako, lakini hapa hatutakubaliana. Fenobabitoni husaidia sana kwa kifafa cha kuanguka na kukakamaa, ila kwa absensi haifanyi kazi vizuri, na inaweza kumfanya mtoto awe mzito wa akili darasani, mahali ambapo tayari anapoteza. Absensi si dharura ya usiku huu. Ningemwandikia rufaa bila dawa, nikamweleza mzazi kwa nini.

Muuguzi_Kijijini

Mzazi aliyeondoka bila dawa mara nyingi harudi wala haendi huko kwenye rufaa. Ninaendelea na msimamo wangu, ingawa nitaanza kuuliza muda wa tukio kabla ya kuandika chochote.

MwalimuWaImla

Nimerudi baada ya siku 5 za shule. Nimemkalisha dawati la kwanza, nikaweka simu juu ya meza. Nimeona matukio 23, na ninaamini mengine yamenipita, kwa sababu nina watoto wengine 73. Mafupi yalikuwa ya sekunde 5, marefu ya sekunde 14. Nilifanikiwa kumgusa mapema mara 4, na katika mara hizo zote hakugeuka hadi tukio lilipoisha lenyewe. Mara 3 alikatika akisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Aliposoma «sungura akamwambia», alinyamaza kwenye «akamw», na sekunde 9 baadaye akaendelea na «ambia» kana kwamba neno halikukatika. Mara moja ilikuwa wakati wa uji: kikombe kilisimama mbele ya kidevu, uji ukamwagika kidogo, lakini hakukiangusha.

Nilimuuliza kwa upole kama anajua. Aliniambia: «Mwalimu, wewe unaruka maneno ukisoma.» Jibu hilo limenisumbua usiku mzima. Kwake yeye, mimi ndiye ninayekatika.

Nimesoma mahali kwamba mtoto akipumua haraka tukio linajitokeza. Je, nimfanyie mbele ya mama yake ili aamini?

DaktariWaWatoto

Usifanye, mwalimu. Kipimo hicho ni cha kweli: mtoto mwenye absensi ambaye hajaanza dawa, akivuta na kutoa pumzi kwa nguvu kwa dakika 3 hivi, karibu 9 kati ya 10 hupata tukio mbele yako. Mimi hukifanya kliniki kwa kumpa mtoto kipande cha karatasi akipulize, na mahali pasipo na mashine kinanisaidia sana. Lakini kabla yake ninauliza maswali. Mtoto mwenye seli mundu hapaswi kufanyiwa hivyo, kwa sababu kupumua kwa nguvu namna hiyo hubana mishipa ya damu ya ubongo, na yeye tayari yuko katika hatari ya kiharusi. Vilevile mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo au pumu kali. Katika maeneo yetu seli mundu si nadra, na wapo watoto ambao hawajawahi kupimwa.

Mama yake ataamini daftari. Mwonyeshe yale mapengo.

Fundi_Mawimbi

Nimeufuatilia uzi kimya, sasa niseme kidogo kwa upande wangu. Ninaendesha mashine ya kupima umeme wa ubongo katika hospitali moja mjini Nairobi, kile kipimo ambacho kwenye fomu ya rufaa huandikwa EEG. Wazazi wengi huogopa wakidhani mtoto atapigwa shoti. Mashine haitoi umeme, inasikiliza tu. Tunabandika vijisahani vidogo vipatavyo 20 kichwani kwa ute maalumu, na kazi ngumu zaidi huwa ni kutenganisha nywele zilizosukwa. Mzazi akija na mtoto aliyefumuliwa na kuoshwa nywele bila mafuta, ananirahisishia sana.

Mtoto wa absensi akiwa ametulia, mistari yake kwa kawaida ni kama ya mtoto mwingine yeyote. Kisha ninampa karatasi apulize. Dakika ya kwanza mara nyingi ninaona mawimbi yakipungua kasi tu, jambo la kawaida kwa watoto. Kisha, bila taarifa, mistari yote ya pande zote mbili inainuka pamoja: ncha moja kali, nyuma yake wimbi pana, tena ncha, tena wimbi, yamepangana kama meno ya msumeno, mara 3 kwa kila sekunde. Mwanzoni yanaweza kwenda kasi kidogo, hata karibu 4, na kuelekea mwisho yanalegea hadi kama 2 na nusu. Kisha yanakoma, na mistari inarudi kama ilivyokuwa. Tukio la sekunde 10 lina ncha kama 30, nami nimezoea kuzihesabu kwa kidole kwenye skrini.

Wakati huohuo karatasi imeacha kupulizwa. Mimi husema neno moja, kwa mfano «chungwa», na mistari ikitulia ninauliza nimesema nini. Hajui. Nikilisema sekunde 2 baada ya mawimbi kukoma, analijua. Mchoro huu ulielezwa mwaka 1935 na Gibbs, Davis na Lennox kule Boston, na bado ndio tunaoutafuta hadi leo.

BabaKhamisi

Mwanangu alipimwa, na karatasi ya majibu ikasema kawaida. Tukarudishwa nyumbani. Ilikuwaje?

Fundi_Mawimbi

Alipuliza kwa dakika ngapi, kaka?

BabaKhamisi

Hakupuliza. Alikuwa amelala, na kipimo kilichukua muda mfupi.

Fundi_Mawimbi

Basi kipimo hicho hakikumaliza kazi. Ripoti ya kawaida ina uzito pale tu mtoto alipopuliza vizuri kwa dakika zote 3 bila dawa. Hapo ndipo absensi inakuwa vigumu kuwapo. Akilala tu, au akipuliza kivivu, swali linabaki pale lilipokuwa. Uliza pia upande wa pili: mtoto aliyekwisha kuanza dawa inayofaa anaweza kutoa mistari safi kwa sababu dawa inafanya kazi.

Mjuzi_wa_Mtaa

Nimejifunza, na ninaondoa ushauri wangu wa karbamazepini. Ila bado ninauliza: sekunde 10 zinamdhuru nini mtoto? Nimepiga hesabu: hata akikatika mara 40 kwa siku, ni sekunde 400, hazifiki dakika 7. Wapo watoto wanaochelewa shule kwa nusu saa kila siku na wanafaulu.

MwalimuWaImla

Ndugu yangu, anayechelewa nusu saa anajua amechelewa, na anaweza kumwuliza mwenzake. Neema hajui kwamba kuna kitu amekosa. Nilipofundisha kutoa kwa kukopa, hatua ya kukopa kumi huchukua sekunde chache tu kuitamka. Asipoisikia hiyo, nusu saa yote iliyobaki haina maana kwake. Na yapo mengine nje ya darasa: anavuka barabara ya lami kila siku, na nyumbani wanateka maji kisimani.

DaktariWaWatoto

Hesabu yako ni sahihi, ndugu Mjuzi, na mwalimu amekujibu vizuri kuliko ambavyo ningekujibu mimi. Nitaongeza tu kwamba baadhi ya watoto hawa wana tatizo la umakini hata matukio yanapokuwa yamezimwa, kwa hiyo dawa haitarudisha kila kitu.

MwalimuWaImla

Leo ni wiki ya saba tangu nianzishe uzi. Mama yake Neema alikataa mwanzoni, akihofia jina la kifafa kumfuata binti yake hadi siku ya kuolewa. Niliweka madaftari 2 mezani, lake na la jirani yake wa dawati, sentensi zilezile. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema nyumbani humtuma chumvi akarudi na kiberiti, na amekuwa akimpiga kwa hilo.

Walikwenda hospitali ya rufaa. Aliulizwa kuhusu seli mundu, akapimwa damu kwanza, kisha akapuliza karatasi. Mama yake anasema mistari «iliamka yote» kabla dakika ya pili haijaisha. Daktari alitaka kumpa ethosuksimaidi lakini famasi hawakuwa nayo, kwa hiyo ameanza sharubati ya valproeti mara 2 kwa siku. Hiyo ni sawa?

DaktariWaWatoto

Ni dawa inayofanya kazi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 453, ulionyesha kwamba ethosuksimaidi na valproeti huzuia absensi kwa kiwango kinachokaribiana, na lamotrijini ilikuwa nyuma yao. Tofauti ilikuwa kwenye umakini: waliotumia valproeti walipata shida ya umakini zaidi, takriban nusu yao, ikilinganishwa na theluthi moja ya waliotumia ethosuksimaidi. Ndiyo sababu mwenzangu alianza kuitaja hiyo.

Mama aangalie kutapika, uchovu usio wa kawaida, michubuko isiyo na sababu na ongezeko kubwa la uzito, na arudi kliniki kwa tarehe aliyopewa kwa ajili ya kupima ini na chembe za damu. Kwa kuwa ni msichana, suala la valproeti lisiachwe hadi abalehe, kwa sababu dawa hiyo hudhuru mimba. Wengi wa watoto hawa huachana na ugonjwa kabla au wakati wa ujana, lakini si wote, na kwa Neema siwezi kukuambia ataangukia upande upi.

Muuguzi_Kijijini

Mwalimu, umewaambia wanafunzi wenzake?

MwalimuWaImla

Bado. Mwalimu mkuu anataka nitangaze mstarini ili wasimcheke. Mama yake hataki neno hilo litamkwe kabisa. Nimemwambia jirani yake wa dawati peke yake, kwamba Neema akinyamaza amsomee upya sentensi ya mwisho. Sijui kama nimefanya sawa.

BabaKhamisi

Kwa Khamisi tulitangaza, wakamwita «Bwana Stopu» mwaka mzima. Sikushauri.

Muuguzi_Kijijini

Na mimi ningetangaza, kwa sababu siku akikatika barabarani mwenzake asiyejua hatamshika mkono.

MwalimuWaImla

Nitazungumza na mama yake tena kuhusu barabara. Imla ya jana ilikuwa na sentensi 10. Neema ana pengo 1, kwenye sentensi ya saba, na mstari wa penseli haukuteleza. Kabla ya dawa, imla ya urefu huo ilikuwa na mapengo 4 au 5. Sasa nimeanza kupitia daftari lake la hesabu la darasa la pili, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta ni hatua ipi aliikosa. Nimefika kwenye kukopa kumi.